Ombi la skana ya barkodi kwa mwenye duka: namna ya kulipigia hesabu na kuliandika

Mwenye duka akisikia habari za skana ya barkodi, swali lake ni moja: hiyo hela nikiitoa itarudi kwa njia gani? Watunza stoo wengi hulijibu kwa kuisifia mashine, kwamba ina kasi na kwamba maduka makubwa yote yanayo. Bosi anaitikia, anasema tutaangalia mwezi ujao, na habari inaishia hapo. Ombi linalopita ni lile linaloonyesha makosa ya stoo hii hii yakiwa na bei, kisha likasema wazi ni yapi skana itayapunguza na yapi haitayagusa kabisa. Hilo la pili wengi huliruka, na ndilo linalomfanya bosi aamini lile la kwanza.

Nitatumia duka moja la mfano mwanzo hadi mwisho. Ni duka la jumla la sabuni, vipodozi na vitu vya usafi jijini Mwanza. Lina aina 410 za bidhaa, watu watatu stoo, na laptopu moja ya mauzo yenye programu inayokubali msimbo wa bidhaa. Mmiliki ni mama anayekuja kila jioni kufunga hesabu. Bei na hasara zote nitakazotaja ni za mfano huo. Kwenye ombi lako weka za daftari lako na za profoma zako.

Hatua ya 1: Mwambie bosi kabla hujaanza kuandika makosa

Katika maduka mengi kitu kikipotea stoo, mtunza stoo ndiye anayekatwa. Kwa hiyo watu hawaandiki makosa. Huyarekebisha kimyakimya, na mwisho wa mwezi bosi anaona tu kwamba mzigo haulingani. Ukianza kuyaandika bila kumwambia, siku akilikuta daftari ataliona kama ushahidi dhidi yako, au dhidi ya kijana unayefanya naye kazi.

Ongea naye mapema, jioni wakati amekwisha funga hesabu. Inatosha kusema: "Mama, naomba kwa miezi miwili niandike kila kosa la stoo na gharama yake, bila kuandika jina la mtu, ili tuone fedha inapopotelea. Mwisho nitakuletea jumla pamoja na pendekezo." Usitaje skana bado. Ukiitaja sasa, kila kosa utakaloandika litaonekana limetafutwa ili kuhalalisha kununua.

Waeleze na wenzako stoo kwamba majina hayaandikwi. Wakihofia, watakuficha, na daftari lenye makosa pungufu litakuumiza wewe mwenyewe wakati wa hesabu.

Hatua ya 2: Fungua daftari la makosa

Daftari la kawaida linatosha. Chora safu tano: tarehe, bidhaa, kilichotokea, lilivyogunduliwa, na fedha iliyopotea. Safu ya nne ndiyo wengi wanaisahau, nayo ina kazi kubwa. Kosa lililogunduliwa na mteja lina nauli ya bodaboda ndani yake. Lililogunduliwa mezani kabla mzigo haujatoka halina gharama ila dakika mbili za kurudisha katoni. Na lililogunduliwa wakati wa kuhesabu mali mwisho wa mwezi mara nyingi haliwezi tena kurudishwa.

Safu ya fedha ina kanuni zake. Thamini kwa bei ya kununulia, si ya kuuzia. Kama mteja alilipia katoni ya losheni ya mililita 200 akapewa ya mililita 400, hasara ni tofauti ya bei za kununulia za katoni hizo mbili, kwa sababu ile ndogo bado iko rafu. Ukiandika bei nzima ya katoni kubwa, bosi atakugundua kwa swali moja tu. Na kama mzigo ulirudishwa, andika nauli peke yake. Mauzo yaliyokosekana kwa sababu mfumo ulionyesha bidhaa imekwisha kumbe ipo, yaandike pembeni bila bei. Faida ambayo ungeipata ni ya kukisia, na tarakimu moja ya kukisia huzitia shaka zile za kweli.

Baada ya miezi miwili, yapange makosa kwa sababu zake. Duka letu la mfano lilipata hivi:

| Aina ya kosa | Hasara ya miezi miwili |
|---|---|
| Bidhaa au saizi isiyo sahihi, ikarudishwa (mara 9, nauli 5,000) | 45,000 |
| Bidhaa au saizi isiyo sahihi, haikurudi (mara 5) | 92,000 |
| Mzigo uliingizwa kwenye msimbo wa bidhaa nyingine, ukaagizwa tena kwa dharura (mara 2, usafiri 30,000) | 60,000 |
| Idadi ilihesabiwa vibaya | 78,000 |
| Vilivyovunjika au kumwagika | 54,000 |
| Upungufu usiojulikana chanzo | 130,000 |
| Jumla | 459,000 |

Hatua ya 3: Tenganisha makosa ambayo skana inayaona

Hapa ujue mashine hii inafanya nini hasa. Barkodi ya kawaida iliyoko kwenye chupa ya losheni au kipande cha sabuni ni namba 13, mfumo unaoitwa EAN-13. Namba ya mwisho hukokotolewa kutokana na zile 12 za mwanzo, kwa hiyo skana ikisoma vibaya namba moja hesabu haikubali na msomo unakataliwa. Kijana anayeandika "losheni ya kijani kubwa" kwenye karatasi hana kinga hiyo. Na ukiweka bidhaa mbili zinazofanana kwa rangi na chupa, macho yaliyochoka saa kumi na moja jioni yatazichanganya. Barkodi zake ni tofauti, na skana haiangalii rangi.

Lakini namba hizo 13 hazibebi bei, wala tarehe ya mwisho wa matumizi, wala idadi. Zinaitaja bidhaa tu, na mengine yote yanatoka kwenye programu yako. Kwa hiyo skana haitakwambia kwamba losheni zimebaki mwezi mmoja kuharibika. Haitajua kwamba katoni imefunguliwa na imetolewa vipande viwili. Haizuii wizi pia: anayetaka kutoka na kitu haskani. Na ukiskani mara moja kisha ukaandika 12 badala ya 21, itapokea 12 bila kulalamika.

Ukirudi kwenye jedwali, ni mistari mitatu ya juu tu inayohusika. Jumla yake ni shilingi 197,000 kati ya 459,000, chini ya nusu. Mistari mitatu ya chini, yenye shilingi 262,000, iache nje ya akiba unayoiahidi. Najua inauma kuiacha, hasa ule upungufu wa 130,000 ambao ndio mkubwa kuliko yote. Iache. Ukimwahidi bosi kwamba skana itauondoa na usiondoke, hutapata kitu kingine cha stoo kwa miaka.

Na hata hizo 197,000 hazitaisha zote. Kuna mizigo itakayotoka haraka bila kuskaniwa, kuna bidhaa zisizo na barkodi, kuna barkodi iliyochanika. Kwa duka la mfano tunachukua asilimia 60. Kwa mwezi, 197,000 gawa kwa mbili ni 98,500, na asilimia 60 yake ni 59,100. Asilimia hiyo ni makisio, na barua itasema hivyo.

Akiba nyingine inayoweza kuingia ni ya kuhesabu mali mwisho wa mwezi. Duka hili huwalipa watu watatu shilingi 15,000 kila mmoja kwa usiku, na kazi huchukua usiku mbili: shilingi 90,000. Kwa skana, kutafuta jina la bidhaa kwenye orodha ya aina 410 kunaisha, na usiku mmoja unatosha, hivyo zinabaki 45,000. Iandike akiba hii pale tu ambapo malipo hayo ya ziada yanatoka kweli. Kama kwenu watu hukesha bila kulipwa, mwenye duka haokoi hata senti.

Hatua ya 4: Jaribu kwa simu na kwa Excel kabla ya kwenda dukani

Bosi atauliza tu: "Simu si inaskani?" Ndiyo, inaskani, na ndiyo sababu uitumie kwanza. Pakua programu ya kusoma barkodi kwenye simu yako, uzunguke rafu zote, na uandike ni aina ngapi zina barkodi inayosomeka. Katika duka la mfano, aina 60 kati ya 410 hazikuwa nayo: sabuni za maji zinazopimwa kwenye madumu, brashi za mafungu, na bidhaa za viwanda vidogo. Bila kuijua namba hiyo utanunua skana kisha ugundue kwamba unahitaji na printa ya lebo, ambayo bei yake inaweza kuzidi ya skana yenyewe.

Simu hiyo hiyo itakupa jibu la kwa nini haitoshi kwa kazi ya kila siku. Inashikwa kwa mikono miwili, inasubiri kulenga, inapigiwa katikati ya kazi, na ni ya mtu binafsi. Akienda nyumbani inaondoka naye.

Angalia katoni kwa makini zaidi kuliko kitu kingine chochote, kwa kuwa hapo ndipo skana inapoleta makosa mapya. Katoni nyingine ina barkodi yake, mara nyingi ya namba 14, tofauti na ya kipande. Nyingine imechapwa barkodi ile ile ya kipande. Na zile zilizofungwa kwa nailoni inayoona ndani, skana husoma barkodi ya chupa iliyoko ndani na kuhesabu kipande kimoja wakati umetoa dazeni mbili. Katika programu, isajili katoni kama bidhaa ya peke yake na uiambie kwamba katoni moja ni vipande 24. Ile ambayo barkodi ya katoni na ya kipande ni moja, iandikie karatasi ya kukumbusha kwenye rafu: idadi iandikwe kwa mkono.

Kama programu yenu ya mauzo ni ngumu kuijaribia, tengeneza karatasi mbili za Excel. Moja iite `Bidhaa`: barkodi kwenye safu A, jina kwenye B, idadi kwa katoni kwenye C. Kwenye karatasi ya pili, barkodi inaingia safu A, na safu B inaandikwa hivi:

```
=IFERROR(VLOOKUP(A2,Bidhaa!A:C,2,FALSE),"HAIPO")
```

Kabla ya kuingiza chochote, zibadilishe safu A za karatasi zote mbili ziwe `Text`. Usipofanya hivyo Excel itaichukulia barkodi kuwa namba ya kawaida, itaionyesha kama 6.2E+12, na barkodi inayoanza na sifuri itapoteza sifuri yake. Safu moja ikiwa `Text` na nyingine ikiwa namba, utapata "HAIPO" hata kwa bidhaa iliyopo mbele ya macho yako.

Hatua ya 5: Chagua aina, kisha uchukue profoma

Zipo skana zinazosoma barkodi za mistari peke yake, na zipo zinazosoma mistari pamoja na zile za mraba kama QR. Kwa sabuni na vipodozi ya mistari ingetosha. Hata hivyo ya aina ya pili husoma barkodi ikiwa imekaa upande wowote, na huisoma hata kwenye kioo cha simu, hivyo tofauti ya bei ikiwa ndogo chukua hiyo. Waya ni jambo la kupima kwa stoo yako. Kama mzigo wote unapita meza moja ya kutokea, skana ya waya ni rahisi na haina betri ya kufa. Kama mnahesabu rafu zilizo mbali na kompyuta, chukua isiyo na waya yenye kumbukumbu ya ndani, inayohifadhi misomo ukiwa mbali na kuimwaga ukirudi karibu. Rafu za chuma na kuta hupunguza umbali ulioandikwa kwenye boksi.

Ukienda dukani beba bidhaa zako ngumu: chupa nyembamba ya duara, pakiti inayong'aa, katoni iliyochakaa, na kitu kilichofungwa nailoni. Mwombe muuzaji aichomeke skana kwenye kompyuta yake na afungue ukurasa mtupu wa maandishi. Skana nyingi hufanya kazi kama kibodi. Namba inajiandika pale kasa, kile kijistari cha kuandikia, inapopepesa na kisha kushuka mstari. Kama haishuki, hupangwa kwa kuskani msimbo maalumu ulioko kwenye kijitabu chake. Usikubali kuondoka bila kijitabu hicho. Siku mtu akiskani msimbo wa mipangilio kimakosa na mashine ikaanza kuandika vitu vya ajabu, ni kijitabu hicho chenye msimbo wa kuirudisha ilivyotoka kiwandani.

Chukua profoma kutoka maduka mawili, zote zionyeshe bei ikiwa na VAT, muda wa waranti, na kama chaja na kipokezi cha USB vimo. Ile ya bei ya chini isiyo na waranti usiifiche. Iambatanishe na useme kwa nini huipendekezi.

Hatua ya 6: Weka gharama zote, hata zisizo za mashine

Bosi akinunua kwa bei uliyomwambia kisha ukarudi wiki ya pili kuomba nyongeza, ombi lote limeharibika. Kazi inayosahaulika zaidi ni ya kuingiza barkodi za bidhaa kwenye programu. Kwa aina 410 ni Jumapili mbili za watu wawili, na watu hao wanalipwa. Kwa zile 60 zisizo na barkodi, acha printa ya lebo kwanza. Zipe misimbo yenu wenyewe, mifupi na inayoanza na herufi ili isigongane na barkodi ya kiwanda, chapa kadi za rafu stationari, zipigwe laminesheni na kubandikwa. Kadi ya rafu ina udhaifu wake: inathibitisha kwamba ulisimama rafu sahihi, si kwamba mkononi una kitu sahihi. Kwa bidhaa 60 zisizofanana sana unaweza kuishi nao.

Hesabu ya duka la mfano ni skana isiyo na waya 185,000, kadi 25,000, waya wa kurefusha USB 8,000, na malipo ya Jumapili mbili 60,000. Jumla 278,000. Ongeza dharura ya asilimia 10, uikadirie kuwa 28,000, unapata 306,000. Kila mwezi tenga 7,000 za kadi zilizoharibika na betri ya baadaye.

Sasa fedha itarudi lini? Usitoe jibu moja; toa matatu, likiwemo baya. Makosa yakipungua asilimia 60 na usiku mmoja wa kuhesabu ukiokolewa, akiba ni 59,100 na 45,000, toa 7,000, zinabaki 97,100 kwa mwezi, na 306,000 zinarudi baada ya miezi mitatu na siku chache. Usiku huo usipookolewa, zinabaki 52,100 na mtaji unarudi karibu miezi sita. Makosa yakipungua asilimia 30 tu na usiku usiokolewe, ni 22,550 kwa mwezi. Hapo ni zaidi kidogo ya mwaka. Kama jibu lako baya linafika miaka mitatu, usiandike ombi. Stoo yako pengine inahitaji kupangwa rafu na kuandikwa lebo kubwa kwanza, kazi ya kalamu na karatasi.

Hatua ya 7: Andika barua ya ukurasa mmoja

Profoma na jedwali la makosa vikae nyuma kama viambatanisho. Barua yenyewe isomeke kwa dakika mbili, na fedha inayoombwa ionekane mwanzoni kabisa.

> KUH: OMBI LA SHILINGI 306,000 KUNUNUA SKANA YA BARKODI YA STOO
>
> Mama, shikamoo.
>
> Naomba uidhinishe shilingi 306,000 kwa ajili ya skana moja ya barkodi na maandalizi yake. Mchanganuo na profoma mbili nimeambatanisha.
>
> Kwa ruhusa yako tuliandika makosa ya stoo miezi ya Aprili na Mei. Hasara yote ilikuwa shilingi 459,000. Kati ya hizo, shilingi 197,000 zilitokana na kutoa bidhaa au saizi isiyo sahihi, na kuingiza mzigo kwenye msimbo wa bidhaa nyingine. Haya ndiyo makosa ambayo skana inaweza kuyapunguza.
>
> Skana haitapunguza vitu kuvunjika, kukosea idadi wala upungufu ambao chanzo chake hatukijui. Hasara hizo ni shilingi 262,000, na sijazihesabu kama akiba. Haitatuonyesha pia bidhaa zinazokaribia kuisha muda.
>
> Nakadiria makosa yanayohusika yatapungua kwa asilimia 60, yaani shilingi 59,100 kwa mwezi. Tukihesabu mali kwa usiku mmoja badala ya miwili tutaokoa shilingi 45,000 nyingine. Gharama ya kila mwezi ni shilingi 7,000. Kwa makisio haya fedha itarudi baada ya miezi mitatu hivi. Usiku wa kuhesabu usipopungua, ni miezi sita. Makosa yakipungua nusu tu ya ninavyokadiria, na usiku usipopungua, ni zaidi kidogo ya mwaka.
>
> Kila mzigo utaskaniwa kwenye meza ya mlangoni kabla ya kutoka. Umeme ukikatika na laptopu ikaisha chaji, tutatumia karatasi za oda kama sasa na kuingiza baadaye. Wote watatu tutafundishwa kuitumia.
>
> Daftari la makosa litaendelea kwa miezi miwili baada ya kununua, kwa safu zile zile, nami nitakuletea jumla kila mwisho wa mwezi. Printa ya lebo siiombi kwa sasa.
>
> Ukikubali, naweza kununua wiki hii na kuingiza barkodi Jumapili mbili zinazofuata.
>
> Wako mtiifu,
> Mtunza stoo

Usiitume kwa WhatsApp akiwa safarini. Mpe mkononi, na uwe na bidhaa mbili zinazochanganywa sana, zile losheni za mililita 200 na 400, pamoja na simu yako. Skani moja, skani nyingine, aone namba zinatofautiana. Maelezo zaidi ya hayo ayaulize mwenyewe.

Atakachouliza hakiko mbali. Akisema, "Kwa nini nisiwakate ninyi mnaokosea?", usibishane, mwonyeshe kwamba katika makosa 14 ya kutoa mzigo, 9 yalirudishwa, na kilichopotea hapo ni nauli, ambayo haikatiki kwa mtu bila ugomvi kila wiki. Akisema laki tatu ni nyingi kwa sasa, mpe njia ya kugawa: skana ya waya ya bei nafuu na bidhaa 100 zinazotoka sana kwanza. Ila umwambie wazi kwamba skana ya waya haiokoi usiku wa kuhesabu, kwa hiyo hesabu ya miezi mitatu haipo tena.

Hatua ya 8: Akikubali, linda ile asilimia 60

Akiba hupotea wiki za mwanzo kwa sababu moja kubwa: watu huuamini mlio. Skana ikilia maana yake imesoma. Haina maana kwamba programu inaijua bidhaa, wala kwamba kasa ilikuwa kwenye kisanduku sahihi. Kijana anaskani katoni sita mfululizo huku akiangalia lori, milio sita inasikika, kumbe kwenye kioo kulijitokeza ujumbe baada ya katoni ya kwanza na tano zilizobaki hazikuingia. Geuza kioo kiwatazame wanaoskani, na kabla mzigo haujatoka, idadi ya mistari kioo kinayoonyesha ilinganishwe na katoni zilizoko mezani.

Kosa la pili ni barkodi kuingia kwenye kisanduku cha idadi. Ghafla duka lina matrilioni ya vipande vya sabuni. Likitokea kwa ukubwa huo linaonekana mara moja, na programu nyingi zinaweza kuwekewa kikomo cha idadi. Fundi wenu aliyeiweka aombwe kuiweka 500, au namba yoyote ambayo hamjawahi kuivuka kwa oda moja.

Mara kwa mara kiwanda hubadilisha chupa au uzito, na barkodi inabadilika pamoja navyo. Mzigo mpya ukifika, skani kipande kimoja na katoni moja kabla ya kupanga rafuni. Ikitoka "haipo", isajili hapo hapo. Usiiskani ile ya zamani badala yake ili kazi iende, maana hapo unarudisha lile kosa la mzigo kuingia kwenye msimbo wa bidhaa nyingine.

Risiti ya EFD ya skana ipigwe picha siku ile ile uliyonunua na picha itumwe kwa bosi. Karatasi yake hufifia, na waranti bila risiti inayosomeka haikufikishi popote.